Kabla hujazidisha matriksi, andika ukubwa wake

Mwaka wa pili chuoni nilipoteza alama kwenye swali ambalo nusu yake halikuhitaji hesabu yoyote. Tulipewa matriksi A na B, tukaambiwa tutafute det(AB) na det(BA). Namba zenyewe nimeshazisahau, ila zilifanana na hizi:

```
A = [1 2 0]     B = [1 0]
    [0 1 3]         [2 1]
                    [0 1]
```

Nilikumbuka kanuni ya det(AB) = det(A) × det(B), nikaanza kuhangaika na det(A). Sasa A ina safu mlalo 2 na safu wima 3. Si mraba, haina determinanti! Kanuni ile inataka zote mbili ziwe za mraba.

Siku hizi kabla ya chochote naandika ukubwa pembeni, hata kwa penseli:

```
A(2×3) B(3×2) → AB ni 2×2
B(3×2) A(2×3) → BA ni 3×3
```

Namba mbili za katikati zikilingana, unaweza kuzidisha. Za pembeni ndizo ukubwa wa jibu. Hapo tayari unaona kwamba AB na BA haziwezi kuwa sawa, na kwamba AB ndiyo yenye kazi ndogo. Ukizidisha unapata safu (5, 2) na (2, 4), kwa hiyo determinanti ni 20 − 4 = 16.

BA ndiyo iliyonimaliza. Nilijaza nafasi zote 9, nikapata safu (1, 2, 0), (2, 5, 3) na (0, 1, 3), nikafungua kwa safu ya kwanza: 1(15 − 3) + 2(6 − 0) = 24. Nilisahau alama ya kutoa kwenye namba ya katikati, ugonjwa wa wengi huo. Hesabu sahihi ni 12 − 12, yaani 0.

Ukubwa peke yake ungeniambia. Kila safu mlalo ya BA imechanganywa kutoka safu mbili tu za A. Safu tatu zikitoka kwenye mbili, lazima mojawapo itokane na zenzake. Hapa ya pili ni mara mbili ya kwanza, ukijumlisha na ya tatu. Basi B ya 3×2 ikizidisha A ya 2×3, determinanti ni 0 hata namba zikibadilishwa zote. Andika sababu hiyo kwa sentensi moja, uendelee. Usiigeuze tu ukadhani det(AB) haiwezi kuwa 0. Hiyo inaweza, na ni hesabu tu itakayokuonyesha.

Kipengele cha mwisho kilitaka det(2AB). Wengi waliandika 32. Lakini ile 2 inazidisha kila safu, na AB ina safu mbili, kwa hiyo ni 2² × 16 = 64. Kama AB ingekuwa 3×3, ungezidisha kwa 8.