Ujumbe wangu wa kwanza kwa mhadhiri haukujibiwa

Wiki ya nne ya mwaka wa kwanza nilimwandikia mhadhiri wetu wa takwimu: "Shikamoo mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Nina shida, naomba kukuona." Nilikaa dakika arobaini nikiufuta na kuuandika upya. Heshima ilikuwepo, tena ya kumwaga. Jina langu halikuwepo, na anwani yangu ya barua pepe ilikuwa jina la utani la sekondari. Siku tano zikapita kimya. Nikaamini nimemuudhi.

Hakuwa ameudhika. Hakujua tu mimi ni nani, wa kozi ipi, wala shida yenyewe itamla dakika tano au saa nzima.

Mara ya pili nilitumia anwani ya chuo, kichwa kikasomeka "Ombi la miadi: Takwimu mwaka wa 1, zoezi la 3". Ndani niliandika hivi:

"Shikamoo Dokta. Nimekwama swali la 2, la kutafuta variansi ya sampuli ya 2, 4 na 9. Wastani ni 5, na jumla ya miraba ya tofauti ni 26. Niligawa kwa 3 nikapata 8.67, lakini jibu ulilotupa ni 13. Naona imegawanywa kwa 2, ila sielewi kwa nini. Saa zako za kuonana na wanafunzi, Jumanne saa 4 hadi 6, nina maabara. Naomba dakika 15 Jumatano baada ya saa 8 mchana, au Alhamisi asubuhi." Chini nikaweka jina kamili, namba ya usajili na kundi la semina.

Jibu lilikuja jioni ileile: "Jumatano saa 8 na nusu. Njoo na daftari."

Ile sentensi ya maabara ndiyo iliyonibeba. Saa zilizobandikwa mlangoni au kwenye mwongozo wa kozi ni za kila mwanafunzi, na kwa wahadhiri wengi unaingia bila kuomba. Ukiomba muda mwingine bila kusema kinachokuzuia, unaonekana hukusoma tangazo. Na ukitaja nafasi mbili, anachagua moja. Ukiandika "wakati wowote", unamwachia kazi ya kutafuta. (Halafu uwe huru kweli saa hizo. Nimewahi kuaibika.)

Jumatano nilifika nikitetemeka, utangulizi mzima nimeukariri. Sikuutumia. Alisema tu, "Nionyeshe ulipofika." Akaandika tofauti zangu, -3 na -1, akaifunika ya tatu kwa kidole. "Hii ni ngapi?" Tofauti na wastani lazima zijumlike sifuri, kwa hiyo ni 4, haina uchaguzi. Zilizo huru ni mbili tu, ndiyo maana tunagawa kwa 2. Tulimaliza kwa dakika saba.

Nikiwa mlangoni nikajikaza kumuuliza kuhusu ule ujumbe wa kwanza. Akacheka: alidhani ni wa mtu aliyekosea anwani.