Kikadirio Chenye Upendeleo Kinaposhinda, na Mahali Kinapoanza Kushindwa

Kwa muda mrefu nilikuwa nikichagua kikadirio kwa kuuliza swali moja tu: je, kina upendeleo au hakina? Kikionekana hakina, nilikichukua bila kuhoji zaidi. Kazi moja ya kupima uotaji wa mbegu ndiyo iliyoniondoa katika mazoea hayo, kisha kazi hiyohiyo ikanionyesha kwamba mazoea mapya niliyoyashika kwa furaha yalikuwa na shimo lake.

Tulikuwa na mafungu 40 ya mbegu za zamani. Kutoka katika kila fungu tulipanda mbegu 10 kwenye trei moja, tukasubiri, tukahesabu zilizoota. Tulitakiwa kukadiria uwezekano wa mbegu ya fungu hilo kuota, ambao nitauita p. Kikadirio kinachomjia kila mtu ni idadi ya zilizoota kugawanya kwa 10. Hakina upendeleo: lau tungerudia upandaji mara nyingi sana, wastani wa majibu yake ungekuwa p yenyewe. Hata hivyo, baadhi ya trei hazikuotesha mbegu hata moja, na kikadirio hicho kikaniambia kwamba p ni 0. Mbaya zaidi, nilipotaka kukadiria varianzi yake, yaani kiasi cha kutawanyika kwa majibu yake, kwa kuweka 0 mahali pa p, nilipata 0 pia. Mbegu 10 tu zilikuwa zimenipa uhakika kamili, jambo ambalo hakuna mkulima angelikubali.

Hapo nikageukia kanuni ya Laplace, ambayo huongeza 1 kwenye idadi ya zilizoota na 2 kwenye idadi ya zilizopandwa. Trei isiyootesha kitu hupewa 1/12, yaani takriban 0.083, badala ya 0. Kikadirio hiki kina upendeleo, kwa kuwa huyavuta majibu yote kuelekea nusu. Basi vikadirio viwili, kimoja kisicho na upendeleo na kingine chenye upendeleo ulio wazi, vilinganishwe kwa kipimo gani?

Kipimo nilichokitumia ni wastani wa mraba wa kosa. Chukua tofauti kati ya jibu la kikadirio na thamani ya kweli, ipandishe kwenye mraba, kisha utafute wastani wake katika sampuli zote zinazoweza kutokea. Faida ya kipimo hiki ni kwamba hugawanyika vipande viwili bila kubakiza chochote. Tuseme T ni kikadirio, na m ni wastani wa majibu yake. Kosa lake ni (T − p), nalo ni sawa na (T − m) + (m − p). Ukipandisha jumla hiyo kwenye mraba, unapata mraba wa sehemu ya kwanza, mraba wa sehemu ya pili, na mara mbili ya zao la sehemu hizo. Sehemu ya pili haibadiliki kutoka sampuli moja hadi nyingine, na wastani wa sehemu ya kwanza ni 0 kwa sababu m ndiyo wastani wa T; kwa hiyo zao hilo hutoweka wastani unapochukuliwa. Kinachobaki ni varianzi ya T, yaani jinsi majibu yanavyotawanyika kuzunguka wastani wao, kujumlisha mraba wa upendeleo, yaani umbali kati ya wastani huo na ukweli.

Tuvipime vikadirio vyetu kwa trei ya mbegu 10, tukichukulia kwamba p ni 0.3. Cha kwanza hakina upendeleo, hivyo kosa lake lote ni varianzi: 0.3 × 0.7 ÷ 10, ambayo ni 0.0210. Kikadirio cha Laplace kina varianzi ya 10 × 0.3 × 0.7 ÷ 144, takriban 0.0146, kwa sababu kugawanya kwa 12 badala ya 10 kunaubana mtawanyiko. Wastani wa majibu yake ni (3 + 1) ÷ 12, yaani 0.3333, hivyo upendeleo ni 0.0333 na mraba wake ni 0.0011. Jumla ni 0.0157. Ukitafuta kipeuo cha pili ili urudi kwenye kipimo cha p yenyewe, kosa la kawaida linashuka kutoka takriban 0.145 hadi 0.125. Tumekubali upendeleo mdogo, tukalipwa upungufu mkubwa wa varianzi.

Ushindi huu, hata hivyo, hauko kila mahali. Rudia hesabu ukiweka p kuwa 0.05. Kikadirio cha kwanza kinapata 0.00475. Cha Laplace kina varianzi ya 0.0033 tu, lakini upendeleo wake sasa ni 0.075, ambao mraba wake ni 0.0056, na jumla inafika 0.0089, karibu mara mbili ya mpinzani wake. Kwa sampuli ya 10, mpaka uko karibu na 0.138 upande wa chini na 0.862 upande wa juu: p ikiwa kati ya namba hizo Laplace hushinda, ikiwa nje yake hushindwa. Jambo lililonishangaza ni kwamba mpaka huo hausogei sana sampuli inapokua, hukaribia 0.146 na 0.854. Kinachopungua ni faida yenyewe, kwa kuwa vikadirio hivyo viwili huzidi kufanana.

Kwa hiyo ninamshauri yeyote anayelinganisha vikadirio asitafute mshindi wa jumla. Achore makosa ya vyote viwili dhidi ya p, kuanzia 0 hadi 1, kisha aulize p ya kazi yake inaweza kuwa katika eneo gani kwa mujibu wa anachokijua kabla ya kuzitazama data hizo. Mshindi wa kila mahali hawezi kupatikana hata kinadharia: mtu anayejibu 0.3 daima bila kutazama trei yoyote ana kosa la 0 pale p inapokuwa 0.3, na hakuna kikadirio kinachozitazama data kitakachomshinda hapo. Kwa mbegu zetu, majaribio ya awali yalikuwa yameonyesha uotaji wa mafungu mengi kuwa kati ya 0.2 na 0.5, kwa hiyo Laplace alikuwa chaguo la haki.

Nilihakiki hesabu zangu kwa uigaji, na hapo nikafanya kosa ambalo nimeliona baadaye kwa wengine pia. Nilitengeneza sampuli nyingi, nikakokotoa majibu ya kila kikadirio, kisha nikaita `var()` na kuyaandika matokeo kuwa wastani wa mraba wa kosa. Lakini `var()` hupima umbali kutoka kwenye wastani wa majibu yenyewe. Haijui kabisa p ni ngapi. Kwa kikadirio cha kwanza sikuona kasoro, kwa sababu hakina upendeleo wa kupotea. Kwa kile cha Laplace nilikuwa nimeufuta upendeleo wote bila kujua, na kwenye p ya 0.05 kikaonekana kinashinda. Msimbo sahihi katika R ni huu:

```r
set.seed(1)
p <- 0.3; n <- 10; R <- 100000
x <- rbinom(R, n, p)
a <- x / n
b <- (x + 1) / (n + 2)
mean((a - p)^2)
mean((b - p)^2)
mean((b - mean(b))^2) + (mean(b) - p)^2
```

Mistari miwili ya mwisho lazima itoe namba ileile, isipokuwa tofauti ya kukadiria tarakimu za mwisho kabisa. Isipotoa, kuna mahali umepima umbali kutoka kwenye kitu kisicho ukweli. Angalia pia kwamba `a` na `b` zinatumia `x` ileile. Kila kimoja kikipewa sampuli zake, bahati ya sampuli huingia katika tofauti yao, nawe unaweza kusifu kikadirio kwa jambo ambalo hakikulifanya.

Sasa nije kwenye shimo nililolitaja mwanzoni. Baada ya kujaza jedwali la trei 40 kwa kikadirio cha Laplace, nilitakiwa kuandika pia kiwango cha uotaji cha mafungu yote kwa pamoja, nami nikachukua wastani wa safu ile. Nikapata 0.333. Mwenzangu aliyekuwa akipitia ripoti alijumlisha mbegu zilizoota kwenye trei zote, akapata 120 kati ya 400, yaani 0.30 kamili, akaniuliza hizo nyingine nimezitoa wapi.

Jibu liko katika vile vipande viwili, kwa sababu havishiki njia moja unapochukua wastani. Ili kurahisisha, chukua kwamba kila trei ina p ya 0.3. Varianzi ya wastani wa trei 40 zisizotegemeana ni varianzi ya trei moja kugawanya kwa 40. Makosa ya trei moja huenda juu, ya nyingine huenda chini, nayo hufutana. Upendeleo haufutani, kwa kuwa trei zote zimevutwa upande mmoja. Kikadirio cha kwanza kwa hiyo kinashuka kutoka 0.0210 hadi 0.000525. Varianzi ya Laplace inashuka hadi takriban 0.00036, lakini mraba wa upendeleo unabaki palepale, 0.0011, na jumla inakuwa karibu 0.0015, takriban mara tatu ya mpinzani. Kikadirio kilichoshinda kwenye kila trei kimeshindwa vibaya kwenye wastani wa trei hizohizo, bila p kubadilika hata kidogo.

Tangu hapo, kabla ya kukokotoa chochote, huandika kwa sentensi moja ni namba ipi ambayo kosa lake litahesabiwa. Ikiwa ni namba ya kila fungu, nalinganisha makosa ya fungu moja moja. Ikiwa ni jumla, nalinganisha makosa ya jumla, na kikadirio kinatumika juu ya hesabu iliyokwisha kujumlishwa: Laplace juu ya mbegu 400 anatoa 121/402, yaani 0.301, tofauti isiyomsumbua mtu.

Ripoti ile ilitoka na safu ya trei iliyotumia Laplace, na mstari wa mwisho uliotumia 120/400. Chini ya jedwali niliweka maelezo mafupi kwamba wastani wa safu haulingani na mstari wa mwisho, na kwamba tofauti ya 0.033 kati yake ni upendeleo wenyewe, wala si kosa la kujumlisha.