Ping inakwenda lakini mfumo unaganda: pakiti zinapotoka kwa njia moja na kurudi kwa nyingine

SWALI: Habari mtaalamu. Ofisi yetu iko Makole, Dodoma, na majuzi tumeunganishwa na tawi la Singida. Ruta ya hiyo laini (192.168.10.2) imechomekwa kwenye swichi ya ofisi. Lango la kompyuta zote ni fayawoli yetu ya Linux (192.168.10.1), nayo nimeielekeza kuwa 192.168.20.0/24 inapitia kwa hiyo ruta. Ping kwenda seva ya Singida inajibu vizuri, lakini mfumo wa stoo ukifunguliwa unaonyesha umeunganishwa halafu unaganda. Kompyuta chache zinafanya kazi, nyingi zinagoma. Nimeweka sheria ya kuruhusu kila kitu, bado. Fundi alifuta sheria za kuchuja, kila kitu kikakaa sawa, akasema fayawoli ni mbovu, tununue nyingine au tuiache hivyo hivyo. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, usinunue fayawoli nyingine, na hiyo usiiache wazi hata usiku mmoja. Haina ubovu. Inafanya kazi iliyowekewa, ila mmeiweka mahali inapoona nusu tu ya mazungumzo.

Fuata muunganiko mmoja tangu mwanzo. Kompyuta 192.168.10.55 inataka kufungua mfumo ulioko 192.168.20.10. Anwani hiyo haimo kwenye mtandao wake, kwa hiyo pakiti ya kwanza, SYN, inaikabidhi kwa lango. Fayawoli inasoma sheria, inakubali, inaandika kwenye jedwali lake kwamba mazungumzo yameanza na jibu linasubiriwa, kisha inaipeleka pakiti kwa ruta ya Singida. Seva inajibu kwa SYN-ACK. Jibu linafika kwenye ruta yenu, na ruta hiyo ina anwani 192.168.10.2, maana yake kompyuta ni jirani yake kwenye swichi ile ile. Haina sababu ya kuzunguka. Inampa jirani jibu lake mkononi, na fayawoli hailioni kabisa.

Kompyuta imeridhika. Inatuma ACK, na hiyo inapita tena kwenye lango. Fayawoli inafungua jedwali: hapa nasubiri SYN-ACK kutoka Singida, haijapita, sasa hii ACK inathibitisha nini? Inaipa alama ya `invalid` na kuitupa. Data zinazofuata zinapata yayo hayo.

Ndiyo maana mfumo "unaunganishwa" halafu unaganda. Ukiandika `ss -tn` kwenye kompyuta ya Linux utaona ESTAB, wakati kwenye seva `ss -tan` itaonyesha muunganiko huo huo umekwama kwenye SYN-RECV, seva ikirudia SYN-ACK yake mara 5 (hicho ndicho kiwango cha kawaida cha Linux) kabla ya kukata tamaa. Upande mmoja unaamini mambo tayari, mwingine bado unasubiri. Ukipata hali hiyo, umeshajua ugonjwa kabla hujagusa sheria hata moja.

Jaribu pia kinyume chake: mtu wa Singida afungue kitu kilichoko kwenye seva ya Dodoma. Yeye hatapata hata hilo neno la kuunganishwa. SYN yake itatoka kwenye ruta na kuingia kwa seva moja kwa moja, seva itapeleka SYN-ACK kwenye lango lake, ambalo ni fayawoli, na fayawoli itatupa SYN-ACK ya mazungumzo ambayo haikuyaona yakianza. Kwake itakuwa kusubiri mpaka muda uishe. Tatizo ni moja, dalili ni mbili, zinategemea nani ameanza kuongea.

Sasa nije kwenye jambo linalonichosha kila ninapoitwa ofisini: "ping inajibu, kwa hiyo mtandao mzima." Ping haina hatua tatu za kufungua muunganiko. Kila ombi la ping linajitegemea. Linapita kwenye fayawoli likiwa safi, jibu linarudi kwa njia ya mkato, na ombi linalofuata linapita vile vile bila kuulizwa jibu la mwanzo liko wapi. Ping imekuthibitishia kwamba kuna njia ya kwenda na kuna njia ya kurudi. Haijakwambia kwamba ni njia moja, na hapo ndipo penye shida yako.

Zile kompyuta chache zinazofanya kazi hazina bahati. Fayawoli ya Linux inapopokea pakiti na kuirudisha kwenye poti ile ile, kwa kawaida humwambia mtumaji kwa ujumbe wa ICMP: kwa anwani hii, nenda 192.168.10.2 moja kwa moja. Kompyuta inayokubali ushauri huo inaacha kupita kwenye fayawoli, na mfumo unafunguka. Iliyowekewa kukataa inaendelea kuganda. Na ushauri huo haukai milele kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ndiyo maana mashine iliyofanya kazi asubuhi inaweza kugoma mchana na watu wakaanza kulaumu kebo.

Sheria yako ya kuruhusu kila kitu nayo haikusaidia kwa sababu ya mahali ilipokaa. Kwenye fayawoli nyingi za Linux mpangilio uko hivi:

```
ct state established,related accept
ct state invalid drop
```

Ruhusa zako zinakuja chini ya mistari hiyo. Pakiti yenye alama ya `invalid` inakufa kwenye mstari wa pili, haifiki kwenye ruhusa yako hata uiandike mara kumi.

Kabla ya kubadilisha chochote, jionee mwenyewe kwenye fayawoli, poti ya upande wa ofisi, kwa kompyuta mojawapo inayogoma:

```
tcpdump -ni eth1 host 192.168.10.55 and host 192.168.20.10 and tcp
```

Utapata kitu kinachofanana na hiki (nimepunguza marefu yake):

```
10:14:02.118 192.168.10.55 > 192.168.20.10 Flags [S]
10:14:02.118 192.168.10.55 > 192.168.20.10 Flags [S]
10:14:02.141 192.168.10.55 > 192.168.20.10 Flags [.]
10:14:02.142 192.168.10.55 > 192.168.20.10 Flags [P.]
10:14:02.460 192.168.10.55 > 192.168.20.10 Flags [P.]
```

`[S]` imeonekana mara mbili kwa wakati mmoja: imeingia, imetoka. `[.]` imeonekana mara moja tu: imeingia, haikutoka. `[P.]` zinazorudiwa kwa kupishana ni kompyuta inayobembeleza data zake zipite. Halafu tafuta `[S.]`, yaani jibu la seva. Haipo. Na mishale yote inaelekea upande mmoja. Ushahidi ni huo, na kuupata hakuchukui dakika tano.

Dawa ni kuiondoa ruta ya Singida kwenye swichi ya ofisi na kuichomeka kwenye poti yake yenyewe ya fayawoli, kwa mtandao mdogo wa anwani mbili. Kama fayawoli haina poti ya ziada na swichi yenu inakubali VLAN, ipe ruta VLAN yake. Kwenye fayawoli:

```
ip link set eth2 up
ip addr add 10.255.0.1/30 dev eth2
ip route replace 192.168.20.0/24 via 10.255.0.2
```

Ruta inapewa 10.255.0.2/30, na inaelekezwa kwamba 192.168.10.0/24 iko kwa 10.255.0.1. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, anwani ya 192.168.10.2 ifutwe kabisa kwenye ruta. Ikibaki, ruta itaendelea kuamini kwamba mtandao wa ofisi uko mlangoni kwake, majibu hayatapita kwenye fayawoli, na utaniandikia tena. Ruhusu unachohitaji kati ya eth1 na eth2 kwa pande zote mbili, na amri hizo tatu ziandike pia kwenye mipangilio ya kudumu, maana umeme ukikatika zinapotea. Angalia vile vile kwamba `masquerade` inahusu poti ya intaneti peke yake.

Kama ruta ni mali ya mwenye laini na hakubali iguswe, kuna njia ya pili: kompyuta zenyewe zifundishwe njia ya Singida kupitia DHCP, chaguo namba 121. Majibu na maombi yote yatapita kwa 192.168.10.2, na kwa safari hiyo fayawoli haitahusika, kwa hiyo haitachuja chochote kati yenu na Singida. Amueni kama mnakubali hilo. Uwe mwangalifu na jambo moja: kompyuta inayopokea chaguo 121 inapuuza lango lililotajwa kwenye chaguo la 3. Usipoiweka pia njia ya 0.0.0.0/0 ndani ya 121, ofisi nzima itapoteza intaneti.

Ya tatu ni ya kusukuma siku tu: fayawoli ibadilishe anwani ya mtumaji iwe yake kwa pakiti zinazokwenda Singida, ili jibu lilazimike kurudi kwake. Itafanya kazi kwa mazungumzo yanayoanzia Dodoma pekee, na seva ya stoo itaona kila mtumiaji kama 192.168.10.1. Siku mkihitaji kujua nani alifuta ingizo, hamtajua.

Kuhusu fundi wenu, nasema kwa uchungu kwa sababu mji huu umejaa ofisi zilizoachwa hivyo. Alifuta sheria, mfumo ukafunguka, akahitimisha kwamba fayawoli ni mbovu. Jaribio lile halikuonyesha hivyo. Lilionyesha kwamba mashine isiyokagua mazungumzo haijali kama imeona nusu yake. Alipofuta sheria za kuchuja, alifuta na zile zinazoilinda mashine yenyewe, kwa hiyo SSH na huduma nyingine zinazosikiliza humo sasa ziko wazi upande wa intaneti. Hiyo ndiyo bei ya kazi ya nusu saa.

Wapo wengine wanaojiona wajanja zaidi: hawazimi, wanaweka `notrack`, au wanaigeuza `invalid drop` kuwa `accept`. Matokeo ni kwamba pakiti yoyote anayoitunga mtu, ikijifanya ni sehemu ya mazungumzo ya zamani, inapita. Wengine wananakili `nf_conntrack_tcp_be_liberal=1` mtandaoni. Hiyo inalegeza ukaguzi wa namba za mfuatano tu. Kwa ACK ambayo SYN-ACK yake haikuonekana haisaidii chochote, ila inabaki humo miaka na hakuna anayekumbuka ni ya nini.

Na ofisi zinazoongeza laini ya pili ya intaneti zinaukaribisha ugonjwa huu huu: ombi linaingia kwa laini moja, jibu linatokea nyingine. Hapo Linux yenye `rp_filter=1` inaweza kuitupa pakiti kabla haijafika kwenye sheria zako, na kumbukumbu za fayawoli zisiandike neno. Washa `log_martians` ndipo uione.

Mkimaliza kuhamisha ruta, rudisha sheria zote zilizofutwa, kisha tafuta mabaki:

```
nft list ruleset | grep -nE "notrack|invalid"
```

Anza upya kompyuta zilizokuwa zinafanya kazi, maana ndizo zinazoweza kuwa bado zimeshika ushauri wa zamani wa kupitia 192.168.10.2, anwani ambayo sasa haipo. Halafu rudia ile `tcpdump` kwa kompyuta iliyokuwa ikigoma. Safari hii `[S.]` ya Singida lazima ionekane kwenye eth1.