Mipango miwili ya kupata mtaji ikiwa na faida kwa hisa inayolingana, hatari inayoletwa na mkopo nayo si inalingana?

Hapana. Chukua mpango wa hisa 200,000 bila deni, na mwingine wa hisa 100,000 wenye riba ya 400,000 kwa mwaka. Mipango hiyo inakutana faida ya uendeshaji, yaani faida kabla ya riba na kodi, ikifika 800,000, kila hisa ikipata 4 kabla ya kodi. Lakini hapohapo nyenzo ya fedha, yaani faida ya uendeshaji ukiigawa kwa faida inayobaki baada ya riba, ni 1 kwa wa kwanza, na 2 kwa wa pili (800,000 ÷ 400,000). Faida ya uendeshaji ikishuka asilimia 10, wa kwanza unabaki na 3.60, wa deni 3.20. Kodi haihamishi hiyo 800,000. Ila kukiwa na hisa za upendeleo, gawio lake ligawe kwanza kwa (1 − kiwango cha kodi), ndipo ulijumlishe na riba. Wanafunzi wengi ninaowasahihishia huteleza hapo.