Mianzi ya bahati inageuka njano

"Nina vijiti vitano vya mianzi ya bahati kwenye chombo cha maji, hapa Arusha. Viwili vimeanza kuwa njano kuanzia chini. Maji nibadilishe kila baada ya muda gani?"

Dada, badilisha kila wiki, yote, wala usiongezee tu juu ya yale ya zamani. Kila mara suuza mizizi na kokoto, na usugue utelezi ulioshika ndani ya chombo. Maji yafunike mizizi tu, yasipande hadi katikati ya kijiti.

Sasa viminye hivyo viwili kwa vidole. Kikiwa laini na kinanuka, kimeoza. Kitoe leo hii, maana uozo huenea kwa wenzake kupitia maji. Sehemu iliyokwisha kuwa njano hairudi kijani. Lakini kama juu bado ni kijani na kigumu, kata kwa kisu safi kwenye sehemu isiyooza, chini kidogo ya kifundo, kisha kiweke peke yake kwenye maji masafi mpaka kitoe mizizi.

Kwa Arusha nina wasiwasi na maji yenyewe. Huko maji mengi yana floridi, na mmea huu hauipendi: ncha za majani hukauka kahawia, kisha njano hufuata. Kulaza maji ndooni usiku kucha hupunguza klorini, floridi hubaki, na kuchemsha hakuiondoi. Kinga maji ya mvua uyatumie hayo. Chombo kisikae kwenye jua la dirishani.