Tangazo la dakika mbili: acha kuhesabu maneno, washa saa usome kwa mdomo

"Wakubwa, shikamooni. Nina meza ya vitenge Soko Kuu la Arua, nataka tangazo la redio la dakika mbili kwa Kiswahili, niwapate wateja wa Koboko na Ariwara. Skripti nimeshaandika, maneno 300 kama nilivyoelekezwa, mahali na namba ya simu nimeweka mwisho. Niweke muziki gani? Asome mwanamume au mwanamke? Na redioni nianzie bei gani?"

Maneno 300, na mahali mwisho! Mdogo wangu, usilipe kitu. Kama hela bado iko kwenye simu, iache hukohuko.

Ninauza viatu vya mitumba, na mimi nilipewa hesabu hiyo hiyo na kijana mmoja wa studio. Alikuwa na karatasi imebandikwa ukutani: dakika moja maneno 150, dakika mbili maneno 300. Nikamwamini, maana alikuwa amevaa hedifoni kubwa, na mimi mtu mwenye hedifoni kubwa huwa simbishii. Karatasi ile ni ya Kiingereza. Neno letu moja limebeba mtu, wakati na kitendo vyote pamoja. "Watakapokuuliza" ni neno moja kwenye karatasi lakini mdomoni ni safari. Msomaji mzuri wa Kiswahili, asiyekimbizwa, anapita maneno 110 hivi kwa dakika. Kwa hiyo maneno yako 300 ni dakika 2 na sekunde 44, na hapo bado hujaweka sauti hata moja.

Halafu kuna namba. Kwenye skripti yangu namba ya simu niliihesabu neno moja, bei "25,000" neno moja. Msomaji alipofika pale: sifuri, saba, na kuendelea, tarakimu kumi, na namba ya simu husomwa mara mbili. Hiyo peke yake ilikula sekunde kumi na kitu ambazo hazikuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote. Ongeza kelele za soko mwanzoni, ongeza kicheko cha mteja, tangazo langu la dakika mbili likawa linakaribia tatu.

Sasa sikia lilivyofanywa. Mimi nilikuwa nimeomba nafasi ya asubuhi, kabla tu ya taarifa ya habari, kwa sababu ndipo watu wanasikiliza. Kumbe kompyuta ya hewani imepangiwa habari ianze saa kamili, na ikifika saa kamili inaanza, haiulizi nani anaongea. Tangazo langu lilikuwa limeandikwa kwenye ratiba yao sekunde 120. Sekunde ya 121, paa, mlio wa habari. Na kwenye mkia uliokatwa ndipo nilipokuwa nimeweka kila kitu: soko gani, mlango gani, meza gani, simu gani. Kijana yule ndiye aliyeniambia mahali pawekwe mwisho "ili pabaki kichwani". Vilivyobaki kichwani mwa watu ni kwamba mahali fulani nchini Uganda kuna viatu vizuri.

Mimi nilikuwa mezani, ninahudumia, siwezi kukaa na redio sikioni. Aliyenifungua macho ni mtu wa boda: "Mzee, lile tangazo la viatu kumbe ni lako? Mbona halisemi uko wapi?" Nikaenda kulalamika. Wakasema watalirekebisha. Walichofanya ni kuliharakisha kwa kompyuta hadi litoshe, sauti ya mama aliyesoma ikawa kama kuku anayekimbizwa. Hela nilikuwa nimelipa mbele, yote, ingeninunulia beli la viatu. Kijana wa studio? Alisema wasikilizaji wa siku hizi wamezoea mambo ya haraka. Sikumpiga. Nilikuwa na sababu za kutosha, lakini nilikuwa nimevaa shati jeupe.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua skripti, kila tarakimu iandike kwa maneno kamili. Mpe mtu atakayesoma hewani. Wewe usijipime mwenyewe, ukisoma kitu ulichokiandika unakimbia bila kujua. Washa saa ya sekunde kwenye simu, asome kwa sauti ya mezani, na wewe kila penye sauti ya soko au mkasi unyamaze naye mpaka sekunde zake ziishe. Andika pembeni saa inasoma ngapi kila mahali. Na mahali pa meza pawe pameshatajwa kabla ya sekunde ya 20, kisha pasemwe tena kati.

Vitenge ninavijua kidogo, mke wangu amenifilisi navyo. Nimekutengenezea mfano, mlango na bei badilisha viwe vyako.

0:00–0:04. SAUTI: mkasi mkubwa unakata kitambaa, kraaa, mara mbili, karibu na maiki. Soko linaingia chini.

0:04–0:19.
MTEJA (anahema): Shangazi! Nimezunguka soko zima. Kumbe uko hapa?
MUUZAJI: Hapa hapa, mwanangu. Soko Kuu la Arua, ghorofa ya chini, mlango wa samaki wakavu, meza ya tatu mkono wa kulia.

0:19–0:22. SAUTI: soko linapanda, linashuka.

0:22–0:49.
MTEJA: Harusi ni Jumamosi, na sisi ni wanawake kumi na wawili. Tunataka sare moja. Kila meza ninayouliza wananipa pisi mbili, tatu, halafu wananiambia rangi imeisha.
MUUZAJI: Kwangu hutaambiwa hivyo. Pisi za rangi moja ninaziweka pamoja. Shika hii, ikunje, isugue na kidole kilicholowa. Umeona rangi?
MTEJA: Haitoki!

0:49–0:52. SAUTI: kitenge kinakung'utwa hewani, mara moja.

0:52–1:09.
MTEJA: Na bei, Shangazi? Usiniue.
MUUZAJI (anacheka): Pisi ya yadi sita, elfu arobaini. Ukichukua kuanzia kumi, kila moja elfu thelathini na tano. Na fundi wa cherehani yuko meza ya pembeni, atakupima hapo hapo.

1:09–1:14. SAUTI: cherehani ya mguu inaanza, inashuka chini ya maneno.

1:14–1:36.
MTANGAZAJI: Ukitoka Koboko, Nebbi, Yumbe au Ariwara, mwambie boda akupeleke Soko Kuu la Arua, mlango wa samaki wakavu. Ghorofa ya chini, meza ya tatu mkono wa kulia. Meza inafunguliwa saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi.

1:36–1:50.
MTANGAZAJI: (namba ya simu, tarakimu moja moja, mara mbili. Cherehani inanyamaza kabisa.)

1:50–1:58.
MTEJA: Shangazi, nifungie kumi na mbili!
SAUTI: mkasi, kraaa. Soko linafifia mpaka kimya.

Angalia pale mwisho. Kuanzia 1:50 hakuna kitu ambacho ukikatwa utalia. Wakikata mkasi, wakikata "nifungie kumi na mbili", mteja bado anajua mlango na ana namba. Na tunaishia 1:58 makusudi, hizo sekunde mbili ni za fundi wa studio mwenye mkono mzito.

Hesabu maneno yanayosemwa, ukiacha namba ya simu: hayafiki 150. Najua utaona ni machache, utataka kuongeza vitambaa vya kichwani, na magauni ya watoto, na salamu kwa wateja wako wa zamani. Mimi niliongeza ndala. Usiongeze. Ukitaka kusema kitenge cha Kongo, toa kitu kingine cha urefu huo huo, kisha usome tena na saa.

Sauti za soko nenda karekodi mwenyewe asubuhi mapema, watu wanapopanga bidhaa. Ukirekodi mchana utapata spika ya jirani inapiga wimbo wa msanii ambaye hukumwomba ruhusa, na redio yenyewe inaweza kuukataa, au mbaya zaidi utapata tangazo la redio nyingine ndani ya tangazo lako (usiniulize). Mkasi na cherehani rekodi ndani, chumba chenye nguo nyingi, kila kitu peke yake, ili studio waweze kuvishusha bila kugusa maneno. Kujua kama soko limeshushwa vya kutosha, usikubali kusikiliza kwenye zile spika zao kubwa, pale kila kitu ni kitamu. Waambie wakutumie, kisha icheze kwenye simu ndogo ya tochi, ile ya wateja wako, uiweke mbali hatua chache. Kama "mkono wa kulia" hausikiki vizuri, soko bado liko juu.

Nakuomba pia uangalie kitu kimoja kwenye karatasi yao ya malipo: urefu wa tangazo umeandikwa sekunde ngapi. Redio nyingi huuza kwa vipande vya sekunde 30 au 60, kwa hiyo dakika mbili utakuta wameandika 60 mara mbili. Uliza, tena kwa maandishi, kama vipande hivyo vitachezwa pamoja. Ukigawanywa katikati, Shangazi ataanza kuongea asubuhi na kumaliza baada ya chakula cha mchana. Na nafasi ya kabla ya habari waachie wenye benki.

Siku ya mwisho, kabla hujatuma hela, kaa studioni usikilize tangazo zima na saa ya simu yako inahesabu. Likifika dakika mbili na sekunde tano, wakakuambia "tutalikaza kidogo", kataa hapo hapo. Mtoe fundi wa cherehani na mashine yake, wasome upya.