Vidonge Vinapita, Vitamini Haziingii

Swali la wiki: "Mume wangu anakunywa pombe kali kila siku, na kila asubuhi anaharisha. Nampa vidonge vya vitamini lakini anazidi kukonda, na sasa anasema nyayo zinamfa ganzi. Vitamini hizo zinakwenda wapi?"

Pole sana, dada. Sehemu kubwa inapita tu mpaka chooni. Nakujibu kama muuguzi, na pia kama mdogo wa mtu aliyepita njia hiyohiyo.

Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba umejaa vijidole vidogo mno, na hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Seli zinazovifunika huishi siku chache tu, kisha hubanduka na nyingine huota. Pombe kali, hasa ikinywewa kabla ya kula, huchubua ncha za vijidole hivyo, na mtu anayekunywa kila siku haupi utumbo wake nafasi ya kupona. Vimeng'enya vinavyokaa juu ya seli hizo navyo hupungua. Ndiyo maana wanywaji wengi wakigusa maziwa hujaa gesi na kuharisha: sukari ya maziwa inabaki haijameng'enywa, nayo inavuta maji. Juu ya hayo, pombe inauzuia utumbo kufyonza maji na chumvi, na inausukuma utumbo mpana utoe haraka.

Kaka yangu alianza hivyo. Mara tatu alipewa dawa za amiba bila choo chake kupimwa, na hakuna aliyemuuliza habari za pombe. Hata mimi nilichelewa kuelewa. Kilichonishtua ni siku niliyomwona akipita mlangoni: ametanua miguu kama mtu aliyesimama ndani ya mashua, mkono umeng'ang'ania fremu. Alipokaa aliniuliza swali ambalo nilikuwa nimetoka kumjibu.

Hospitali walimpima damu. Chembe zake nyekundu zilikuwa kubwa kupita kiasi: kwenye karatasi ya majibu MCV ilisomeka 108, na kawaida haivuki 100. Pombe yenyewe hukuza chembe hizo, na upungufu wa foleti, yaani vitamini B9, pia. Lakini kilichomfanya atembee ametanua miguu na kusahau ni upungufu wa thiamini, yaani vitamini B1.

Mwili una akiba ya thiamini ya takriban miligramu 30 tu, na isipoongezwa huisha kwa wiki chache. Huingia mwilini kupitia milango maalumu kwenye seli za sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, na pombe huifanya milango hiyo isifanye kazi vizuri. Hata mtu mzima wa afya akimeza kidonge kikubwa, kinachoingia ni sehemu ndogo. Kwa utumbo uliochubuka ni kidogo zaidi. Kwa hiyo kaka alichomwa thiamini kwa sindano siku kadhaa, na ya kwanza ilitangulia dripu ya glukosi. Sukari ikiingia kwa wingi hutumia thiamini kidogo iliyobaki, na ubongo unaweza kuumia. Alipewa na magnesiamu, maana huipoteza mtu kwa kuharisha na kwa mkojo wa pombe, na ikikosekana thiamini haifanyi kazi yake ipasavyo.

Sasa kwa mumeo. Mpeleke hospitali, na usione haya kutaja anakunywa kiasi gani kila siku. Bila hilo watatibu kuhara peke yake. Waeleze ganzi ya nyayo, na uombe wamwangalie foleti pamoja na vitamini B12, kwa sababu foleti ikitolewa peke yake inaweza kurekebisha damu huku upungufu wa B12 ukiendelea kuharibu mishipa ya fahamu. Angalia na choo chake: kikiwa cha mafuta, kinaelea na kinanuka sana, huenda kongosho nalo limeumia. Akichanganyikiwa, akayumba bila kulewa, macho yakamchezacheza, au akatoa choo cheusi kama lami, mpeleke saa hiyohiyo.

Nakuomba pia usimfiche chupa ghafla. Anayekunywa kila siku akikatishwa kwa mara moja anaweza kutetemeka, kutokwa jasho na hata kupata degedege, mara nyingi ndani ya siku mbili za kwanza. Aache akiwa chini ya uangalizi wa daktari.

Kaka aliacha hivyo. Baada ya wiki mbili choo kilishikamana, na uzito ukaanza kurudi. Kumbukumbu imerudi kwa kiasi. Vidole vya miguu bado vina ganzi. Kandambili ikimvuka njiani hajui mpaka atazame chini.